Mkate ulioungua uandikwe wapi?

Hakuna kiwanda cha mikate kinachogeuza unga wote kuwa mkate. Kuna unga unaobaki kwenye mashine ya kukandia, kuna kinyunya kinachonata mezani, kuna maji yanayotoka kama mvuke tanurini. Mwenye kazi anayajua hayo na ameshayaweka kwenye hesabu. Shida huanza usiku tanuri linapozidi moto na trei kadhaa zikatoka nyeusi, kisha asubuhi hakuna anayejua mikate hiyo iandikwe wapi.

Viwanda vingi siku hizi vinatumia ERP, yaani mfumo mmoja wa kompyuta unaounganisha stoo, uzalishaji, mauzo na uhasibu. Unga ukitoka stoo, mhasibu anaona. Mkate ukiingia ghala la bidhaa, muuzaji anaona. Lakini mfumo unajua kile tu ulichoambiwa, na jambo ambalo watu hawapendi kuuambia ni kilichoharibika.

Tuchukue mfano wa bechi moja, kwa bei za kukadiria. Mapishi yaliyoingizwa kwenye mfumo yanasema kilo 100 za unga, pamoja na sukari, mafuta, hamira na vingine, zitoe mikate 360. Malighafi yote inagharimu shilingi 216,000, kwa hiyo kila mkate unabeba shilingi 600. Upotevu wa kawaida umo humo humo ndani: bila kinyunya kinachopotea mezani ingetoka mikate michache zaidi, lakini kila mtu anajua haitoki. Upotevu wa namna hiyo hauhitaji fomu wala sahihi ya mtu. Ni sehemu ya gharama ya mkate mzuri.

Usiku huo ikatoka mikate mizuri 300, na 60 ikaungua. Msimamizi wa zamu akiingiza 300 tu na kunyamaza, yanaweza kutokea mambo mawili, kutegemea jinsi mfumo ulivyopangwa.

La kwanza ni la gharama. Kama mfumo unagawa gharama halisi ya bechi kwa mikate iliyopatikana, zile shilingi 216,000 zitagawanywa kwa 300, na kila mkate utaonekana umegharimu shilingi 720. Mkurugenzi ataona gharama imepanda, ataulizia bei ya ngano, huenda hata akapandisha bei dukani, na tanuri halitaguswa. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa bidhaa, IAS 2, inakataza jambo hili katika aya ya 16: malighafi iliyopotea kupita kiasi cha kawaida haiingizwi kwenye thamani ya bidhaa, inakwenda kwenye matumizi ya kipindi kile kile. Kwa hiyo mikate 300 iingie ghalani kwa shilingi 600 kila mmoja, jumla 180,000, na zile 36,000 zilizobaki ziende kwenye akaunti yake ya hasara ya uzalishaji, zionekane.

La pili ni baya zaidi kwa sababu linamwangukia mtu. Viwanda vingi havitoi unga kwenye mfumo kwa kila bechi. Mfumo hukata malighafi wenyewe kwa kufuata mapishi, baada ya bidhaa kuripotiwa. Ukiambiwa mikate 300, utakata unga wa mikate 300, yaani kilo 83 na kidogo. Karibu kilo 17 zilizoishia kwenye mikate iliyoungua zitabaki kwenye kompyuta kama unga uliopo stoo. Usiku kama huo ukijirudia mara tatu kwa mwezi, siku ya kuhesabu stoki itapungua kilo 50, na atakayeitwa kujieleza ni mtunza stoo. Watu wamepoteza kazi kwa unga ulioungua mbele ya macho ya zamu nzima. Dawa yake ni msimamizi kuripoti namba mbili badala ya moja: mizuri 300, mibovu 60, na sababu. Mfumo uliopangwa sawasawa utakata unga wa mikate 360 na stoo itabaki sahihi.

Mikate iliyoungua nayo ina thamani. Wafugaji wa nguruwe wanainunua. Tuseme inauzwa shilingi 100 kila mmoja: hiyo ni shilingi 6,000, na hasara inashuka hadi 30,000. Ili fedha hiyo ifike ofisini, mikate hiyo iingizwe kwenye mfumo kama bidhaa yenye jina lake, iwe na idadi, itoke kwa risiti. Kitu kisicho na jina kwenye mfumo hutoka getini bila kuulizwa.

Stoo kuna hatua zake. Paa limevuja, mifuko mitatu ya unga ya kilo 50 imelowa. Mtunza stoo asipunguze idadi papo hapo. Kwanza aihamishe kwenye mfumo kutoka stoo ya kawaida kwenda eneo la bidhaa zilizozuiwa. Katika SAP hatua hiyo ni 344. Unga bado ni mali ya kampuni na thamani yake haijaguswa, ila uzalishaji hauwezi kuuchukua. Kisha inaandikwa hati ya kufuta: bidhaa gani, kiasi gani, bechi ipi, sababu, picha. Mtu mwingine anakwenda kuiona mifuko kwa macho, halafu ndiye anayeidhinisha. Baada ya hapo tu ndipo kufuta kunapoingizwa, 555 kwa bidhaa iliyozuiwa au 551 kwa iliyo huru, na thamani inahama kutoka stoki kwenda kwenye hasara. Kwa bidhaa nyingine eneo hilo la kuzuia ni la lazima zaidi: dawa zilizoisha muda Tanzania huteketezwa chini ya usimamizi wa TMDA, na zikisubiri lazima zikae mahali zisipoweza kuuzwa.

Hapa kuna jambo ambalo wanaonunua mifumo hulikuta wakiwa wamechelewa. Namba kama 551 haiombi ruhusa ya mtu. Mwenye haki ya kuiandika akiiandika, mzigo umefutika papo hapo. Idhini lazima ipangwe na kampuni yenyewe, kwa haki za watumiaji au kwa hati inayosubiri hadi mkubwa akubali. Wengi huweka viwango: msimamizi mpaka shilingi 50,000, meneja wa kiwanda mpaka 500,000, zaidi ya hapo mkuu wa fedha. Ni utaratibu mzuri, lakini unakwepeka kwa urahisi. Mzigo wa shilingi 180,000 hugawanywa hati nne za 45,000, na msimamizi anazipitisha zote mchana mmoja. Mfumo ujumlishe hati za bidhaa ile ile kwa mwezi kabla ya kuamua ziende kwa nani.

Anayekagua atazame mambo machache. Hati zinazojazana chini kidogo ya kiwango. Sababu iitwayo “nyinginezo” ikiwa ndiyo inayotumika zaidi. Na upotevu wa zamu unaolingana na mapishi kila siku bila kupanda wala kushuka, maana kazi ya tanuri haiendi hivyo; mtu anaandika namba inayotarajiwa badala ya kuhesabu.

Mkaguzi aliyekwenda kuitazama ile mifuko mitatu anaweza kukuta mmoja umelowa gunia tu, na unga ndani ni mkavu. Huo unarudishwa stoo ya kawaida kwa 343, na hati inapitishwa kwa miwili. Kama mitatu ilikuwa imeshafutwa kwa 555, hati ya zamani isiguswe wala kufichwa. Iandikwe 556, inayorudisha kiasi kilekile na thamani ileile kwenye bidhaa zilizozuiwa, kwa jina la aliyerudisha na tarehe aliyorudisha.