Msimamizi Mmoja, Watu Wangapi?

Tuchukue mfano wa kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti chenye wafanyakazi 64. Kila msimamizi akipewa watu 4, watahitajika wasimamizi 16, juu yao wakuu wa sehemu 4, na juu kabisa meneja: viongozi 21. Beringi ikivunjika, ombi la kununua nyingine hupita mikono mitatu huku mashine imelala. Kila msimamizi akipewa watu 8, wasimamizi wanabaki 8 na wote wanaripoti kwa meneja. Viongozi ni 9 tu, na ngazi moja imeondoka.

Hesabu hiyo huwavutia wenye kiwanda, lakini mzigo wa kusimamia hukua kwa kasi kuliko idadi ya watu. Mwaka 1933, V. A. Graicunas alihesabu mahusiano yote yanayoweza kumhusu kiongozi: yeye na kila mtu, yeye na kila kikundi, na watu hao wao kwa wao. Kwa watu 4 ni 44. Kwa watu 8, fomula yake inatoa 1,080. Bila shaka si yote yanayotokea kila siku. Mangapi yatatokea, hilo huamuliwa na kazi yenyewe.

Ndiyo maana kugawa 8 kwa kila mtu ni kosa. Tuseme 48 kati ya wale 64 hufungasha mafuta katika ukumbi mmoja, kazi ileile kila zamu. Hao msimamizi mmoja anawamudu 12, kwa kuwa anawaona wote na hitilafu hujitokeza papo hapo. Wale 16 waliobaki ni mafundi wa mitambo na wapima ubora. Kila tatizo lao ni jipya na linahitaji kujadiliwa, basi msimamizi wao apewe 4. Tunapata wasimamizi 4 upande huu na 4 upande ule. Viongozi ni 9 vilevile, ila sasa kila mmoja ana mzigo unaolingana na kazi.

Anayebaki hatarini ni meneja mwenye wasimamizi 8. Mpango ukimlemea, dalili huonekana mapema: maamuzi madogo yanamsubiri mezani, hitilafu anazisikia zikiwa zimeshaleta hasara, na msimamizi mmoja anageuka naibu ambaye hakuna aliyemteua. Ngazi iliyofutwa imerudi kwa mlango wa nyuma. Hapo ni heri kumteua fundi mkuu juu ya wasimamizi wanne wa ufundi, meneja abaki na watu 5. Ngazi imeongezwa upande mmoja tu, pale inapohitajika.

Hata hivyo, mchoro mpya hautafanya kazi ikiwa madaraka yamebaki palepale. Kabla ya kufuta cheo chochote, andikeni nani ataidhinisha ununuzi wa ile beringi, na kwa kiasi gani cha fedha.