Kuulizia Majibu ya Usaili Bila Kubembeleza

Amefanya usaili wa msaidizi wa ghala katika kampuni moja ya usambazaji jijini Dar es Salaam, Jumanne ya tarehe 4 Machi. Ameambiwa majibu yatatoka ndani ya wiki mbili, nazo zimepita bila simu. Usiku wa tarehe 18 anamwandikia afisa rasilimali watu kwa WhatsApp: "Mambo dada." Anasubiri aitikiwe. Kesho yake anaongeza: "Vp ile ishu yetu? Naona kimya. Samahan kwa usumbufu, naomba unikumbuke, nna shida kweli na kazi, ata yoyote ile."

Hapo hakuna tusi wala uongo, na shida anayoitaja ni ya kweli. Ila tuusome kama anavyousoma yule afisa. Namba haipo kwenye simu yake, jina halipo, nafasi haikutajwa. Huenda ana usaili wa nafasi kadhaa mkononi, na "ishu yetu" haimwonyeshi afungue faili la nani. Kumjibu, inabidi kwanza aulize wewe ni nani, na mtu mwenye kazi nyingi huliahirisha swali hilo mpaka likasahaulika. Salamu iliyotumwa peke yake inaongeza tatizo: ana kwa ana ni adabu kusubiri uitikiwe, lakini kwenye simu ya ofisini ni ujumbe usio na haja ndani yake.

Sehemu inayomwumiza zaidi mwombaji ni "ata yoyote ile". Anadhani anaonyesha utayari, kumbe anafuta kila alichojenga kwenye usaili. Mwajiri anatafuta mtu wa ghala. Anayesema yuko tayari kwa lolote hajampa sababu ya kumchagua kwa hili. "Unikumbuke" nayo inageuza ajira kuwa fadhila, ilhali yeye aliitwa baada ya wasifu wake kusomwa na kuonekana unafaa. Ana haki ya kuuliza, na lugha yake ionyeshe hivyo.

Sasa ujumbe huohuo uandikwe upya, utumwe kwa barua pepe asubuhi ya Alhamisi tarehe 20. Siku mbili baada ya ahadi kupita zinatosha. Kuulizia kabla ya hapo ni kumharakisha mtu ambaye hajachelewa. Kichwa cha barua kiwe "Ufuatiliaji wa usaili: Msaidizi wa Ghala", kikifuatiwa na jina lake kamili. Kisha:

"Habari za asubuhi. Nilifanya usaili wa nafasi ya Msaidizi wa Ghala Jumanne, tarehe 4 Machi, na nilielezwa kuwa majibu yangetolewa ndani ya wiki mbili. Naomba kufahamu mchakato umefikia hatua gani. Katika usaili mliniuliza kuhusu upotevu wa bidhaa. Napenda kuongeza kwamba nilikotoka nilikuwa nahesabu mzigo kila mwisho wa mwezi na kuulinganisha na daftari la stoo, na tofauti yoyote niliiandikia taarifa siku hiyohiyo. Bado naihitaji nafasi hii. Asante kwa muda wenu." Chini yake jina kamili na namba ya simu.

Angalia kilichobadilika. Swali ni moja, na linajibika kwa sentensi moja. Kujiamini hakukuja kwa kujisifu. Kumekuja kwa kutaja kazi aliyoifanya, ikiunganishwa na jambo ambalo mwajiri mwenyewe alilionyesha linamsumbua. Kama hakuwahi kuhesabu mzigo, asiandike hivyo, maana swali linalofuata litakuwa ni kwa namna gani.

Wapo wanaokosea upande wa pili: "Nasubiri barua yangu ya ajira." Huko ni kujipa nafasi ambayo hujapewa. Wengine huahidi kuanza kesho ilhali wana mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, ukishavuka mwezi wa kwanza wa kazi. Ukiulizwa, taja muda huo bila kuona haya. Mwajiri makini atakuelewa.

Pasipo jibu, andika mara moja tena baada ya kama wiki moja, kwa kifupi zaidi, kisha elekeza nguvu kwenye maombi mengine. Ukijibiwa kwamba hukuchaguliwa, shukuru kwa sentensi mbili, kwani aliyechaguliwa huenda asiripoti.

Yote haya yanahusu zaidi kampuni na mashirika binafsi. Kwa nafasi za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira, matokeo ya usaili hutangazwa kwenye tovuti yao, kwa hiyo huko fungua akaunti yako na usome matangazo badala ya kumtafuta afisa kwa simu.