Hisa kwa hisa: kwa nini kampuni zikiungana kodi husubiri

Mwaka 1915 kampuni ya baruti ya du Pont, iliyosajiliwa jimbo la New Jersey, ilihamishia mali na biashara yake yote kwenye kampuni mpya iliyosajiliwa Delaware. Biashara ilibaki ile ile, na wanahisa walikuwa wale wale. Mmoja wao, C. W. Phellis, alikuwa na hisa 250 za kampuni ya zamani. Kwa kila hisa alipewa hisa mbili za kampuni mpya, na zile za zamani akaendelea kuzishika.

Hesabu yake inastahili kutazamwa taratibu. Kabla ya mabadiliko kila hisa ilikuwa na thamani ya dola 795, kwa hiyo zote 250 zilikuwa dola 198,750. Baada ya mabadiliko, hisa ya zamani ilishuka hadi dola 100, na hisa mpya ikawa dola 347.50. Hisa 250 za zamani zikawa dola 25,000, na 500 mpya zikawa dola 173,750. Ukijumlisha unapata dola 198,750. Mali ya Phellis haikuongezeka hata senti moja.

Hata hivyo serikali ilimdai kodi ya mapato kwa zile dola 173,750. Mahakama ya chini ilimpa haki Phellis, lakini mwaka 1921 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha uamuzi huo. Hoja ya majaji ilikuwa kwamba kampuni ya Delaware ni mtu mwingine mbele ya sheria, na hisa zake zilitokana na faida iliyolimbikizwa na kampuni ya zamani. Mwanahisa akipokea kitu cha namna hiyo amepokea gawio, na gawio hutozwa kodi.

Miaka minne baadaye ikafika kesi ya Marr. Yeye na mkewe walinunua hisa za General Motors ya New Jersey kwa dola 76,400. Mwaka 1916 General Motors nayo ilihamia Delaware, na hisa zao zikabadilishwa. Hisa 425 za kawaida zikawa 2,125 za kampuni mpya, na hisa zao za upendeleo zikabadilishwa pia. Thamani ya vyote walivyopokea, pamoja na fedha taslimu kidogo, ilikadiriwa kuwa dola 400,866.57. Serikali ikatoa bei ya kununulia, ikapata faida ya dola 324,466.57, ikadai kodi yake. Mahakama ya Juu ilikubaliana nayo mwaka 1925. Marr hakuwa ameuza chochote sokoni. Alikuwa mwanahisa wa watengenezaji wale wale wa magari, ila cheti chake kilikuwa na jina la jimbo jingine.

Tofauti ya kesi hizi mbili ni muhimu. Kwa Phellis hapakuwa na ongezeko lolote lililotokana na zoezi lenyewe. Kwa Marr ongezeko lilikuwepo kweli, lakini lilikuwa limejijenga kwa miaka mingi, na kubadilisha vyeti ndiko kulikotumika kama kisingizio cha kulitoza siku ile. Hapa ndipo kiini cha jambo zima kilipo: ni wakati gani faida iliyo kwenye karatasi igeuke kuwa faida ya kulipiwa kodi?

Bunge la Marekani lilikuwa limeanza kulijibu swali hilo kabla hukumu hizo hazijatoka. Sheria ya mapato ya mwaka 1918, iliyotiwa saini Februari 1919, iliruhusu mwanahisa abadilishe hisa kwa hisa katika muungano au upangaji upya wa kampuni bila kuhesabiwa faida wala hasara, kwa masharti. Phellis na Marr hawakunufaika kwa sababu mambo yao yalitokea mwaka 1915 na 1916. Sheria za mwaka 1921 na 1924 zilipanua na kupanga vizuri kanuni hiyo, na mifupa yake ndiyo iliyomo hadi leo katika kifungu cha 368 cha sheria ya kodi ya Marekani na vifungu vinavyokizunguka.

Sababu za kanuni hiyo hazikuwa huruma kwa matajiri peke yake. Aliyepewa hisa badala ya hisa hana fedha mkononi. Akidaiwa kodi atalazimika kuuza sehemu ya hisa zake, pengine siku ambayo soko limeshuka. Kampuni ambayo wanahisa wake wanaogopa kodi hiyo haitaungana na nyingine, hata kama muungano una faida kibiashara. Upande wa serikali nao ulikuwa na hofu yake: kama kila mabadilishano yangehesabiwa kuwa mauzo, wanahisa waliopata hasara wangebadilisha karatasi kwa karatasi, wakadai punguzo la kodi, na huku wakabaki na uwekezaji ule ule. Ndiyo maana kanuni inakata pande zote mbili, na hasara nayo husubiri.

Neno la kushika hapa ni kusubiri. Wengi husikia kwamba muungano hautozwi kodi, wakadhani faida imesamehewa. Haikusamehewa. Imeahirishwa, na chombo kinachoihifadhi ni ile bei ya kununulia ya zamani, ambayo inahamia kwenye hisa mpya. Exxon ilipoungana na Mobil mwaka 1999, kila hisa ya Mobil ilibadilishwa kwa hisa 1.32015 za Exxon. Chukua mtu aliyekuwa na hisa 100 za Mobil alizonunua kwa jumla ya dola 4,000. Alipata stahili ya hisa 132.015, na gharama yake ikabaki dola 4,000, yaani kama dola 30.30 kwa kila hisa mpya. Bei ya Exxon siku ya muungano haikuwa na kazi yoyote katika hesabu hiyo. Siku atakayouza, faida itapimwa kuanzia dola 30.30, na muda aliozishika hisa za Mobil utahesabiwa kana kwamba alikuwa na Exxon tangu mwanzo. Kile kipande cha 0.015 kililipwa kwa fedha taslimu, na hicho ndicho pekee kilichohesabiwa kuwa kimeuzwa.

Mambo hubadilika pale mnunuzi anapochanganya hisa na fedha. AT&T ilipoichukua Time Warner Juni 2018, mwanahisa wa Time Warner alipata dola 53.75 taslimu na hisa 1.437 za AT&T kwa kila hisa moja. Mfano wa mtu mwenye hisa 100, alizonunua kwa dola 30 kila moja, unaonyesha jinsi inavyokwenda. Tuchukue bei ya AT&T kuwa dola 32, na vipande tuviache kando. Amepokea taslimu dola 5,375 na hisa zenye thamani ya dola 4,598.40, jumla dola 9,973.40. Gharama yake ni dola 3,000, hivyo faida yake kwa jumla ni dola 6,973.40.

Sheria inasema atozwe kwa kiasi kidogo kati ya viwili: faida yote, au fedha taslimu aliyopokea. Fedha ndiyo ndogo, kwa hiyo dola 5,375 zinatozwa mwaka huo huo, na dola 1,598.40 zinasubiri. Gharama ya hisa zake mpya hupatikana kwa kuchukua dola 3,000 za zamani, kutoa fedha aliyopokea, kisha kuongeza faida iliyokwisha kutozwa. Inarudi kuwa dola 3,000. Jaribu kuziuza hisa hizo kwa dola 4,598.40 na faida itakuwa dola 1,598.40, sawasawa na kilichoahirishwa. Lakini aliyekuwa amenunua kwa dola 110 kila hisa, na amepata hasara, haruhusiwi kuitumia hasara hiyo siku ya muungano, hata kama ameshika fedha mkononi. Watu wengi hukosea hapo.

Kuna mpaka wa kiasi gani cha fedha kinaweza kuingizwa. Wanahisa wa zamani lazima wabaki na sehemu ya kweli katika kampuni mpya, na mfano uliomo katika kanuni za Marekani unakubali asilimia 40 ya malipo yakiwa hisa. Katika hesabu ya Time Warner hapo juu hisa ni kama asilimia 46. Muungano unaolipwa fedha tupu ni mauzo ya kawaida, na faida yote hutozwa.

Mpaka mwingine ni nia. Mwaka 1928 Evelyn Gregory alikuwa mmiliki wa kampuni iliyokuwa na hisa 1,000 za kampuni nyingine, Monitor. Kama angezitoa kama gawio, angelipa kodi kubwa. Akaanzisha kampuni ya Averill, akahamishia hisa zile ndani yake, na siku sita baada ya kuianzisha akaivunja, akazichukua hisa na kuziuza kwa dola 133,333.33. Kwa maandishi alifuata kila neno la sheria ya upangaji upya. Mahakama ya Juu ilimkatalia mwaka 1935, kwa kuwa Averill haikuwa na biashara yoyote zaidi ya kupitisha hisa hizo. Hukumu hiyo ni ya haki, na ndiyo inayoulinda uahirishaji huo dhidi ya wanaotaka kuugeuza mlango wa kutorokea.

Nchi za Jumuiya ya Ulaya, ambayo sasa ni Umoja wa Ulaya, zilikubaliana kanuni ya aina hii kwa maelekezo ya mwaka 1990, ili kampuni za nchi mbili tofauti ziweze kuungana bila kodi ya papo hapo. Uingereza hisa mpya huhesabiwa kuwa ndizo zile zile za zamani. Kenya, ambako kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15 tangu Januari 2023, hisa zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi hazitozwi kodi hiyo, kwa hiyo mzigo huu huwaangukia zaidi wenye hisa za kampuni binafsi.

Kwa Mswahili anayeishi Marekani na kuwekeza kupitia dalali wa mtandaoni, tatizo kubwa ni kumbukumbu. Taarifa ya dalali huweza kuonyesha hisa mpya kwa bei ya siku ya muungano, au bila gharama yoyote, na mwenyewe akajaza fomu ya kodi kwa namba hiyo. Ya kwanza inapunguza kodi isivyo halali, ya pili inamfanya alipe zaidi ya anachodaiwa. Kampuni iliyofanya muungano hutakiwa kutoa Fomu 8937, na nyingi huiweka kwenye ukurasa wao wa wawekezaji. Humo imeelezwa gharama ya zamani inavyogawanywa. Fomu hiyo haijui ulinunua kwa bei gani, kwa hiyo ukipokea barua ya muungano, tafuta kwanza taarifa ya siku uliyonunua, iweke pamoja na fomu hiyo, na uzitunze zote mbili hadi mwaka utakaouza.