Fundi Mpya kwa Picha Nne

Tuseme karakana ndogo ya majokofu jijini Mwanza, ambako muuza samaki halali friza lake likizima, imeajiri fundi mpya. Mwenye karakana anataka kumtambulisha kwa karuseli ya Instagram, yaani picha kadhaa ndani ya chapisho moja zinazopitiwa kwa kutelezesha kidole. Tangu 2024 chapisho moja hubeba hadi picha 20. Kwa kazi hii, nne zinatosha.

Ya kwanza iwe sura ya fundi akiwa kazini, si nembo ya karakana. Iandikwe jina lake na maneno machache: "Friza likigoma, ndiye atakayekuja." Ukubwa unaofaa ni pikseli 1080 kwa 1350, na picha zote zifuate kipimo hicho. Karuseli hufuata umbo la picha ya kwanza, hivyo ukichanganya vipimo utakuta mtu amekatwa kichwa.

Ya pili ieleze kazi yake. Cheo kama "Ofisa Ufundi Mwandamizi" hakimsaidii muuza samaki. Afadhali: "Anatengeneza mafriza ya biashara, hasa kompresa na gesi. Viyoyozi bado vina fundi wetu wa zamani." Jina lirudiwe hapa, kwa sababu aliyeipita picha ya kwanza anaweza kuletewa ya pili baadaye, nayo isipojitegemea hataelewa anasomewa habari za nani.

Ya tatu ni alikotoka, na hapa wengi humwaga wasifu mzima wa kuombea kazi. Chagua jambo moja linalomgusa mteja: miaka sita kwenye ghala la baridi la samaki. Vyeti vingine vibaki kwenye faili.

Ya nne ndiyo ngumu. "Anapenda muziki, kusafiri na kukutana na watu" ni maneno ya kila mtu, kwa hiyo si ya mtu yeyote. Muulize mwenyewe: ulikotoka, wenzako walikuwa wakikutania kwa lipi? Fundi wetu anacheka: "Walisema naongea na mafriza. Mimi nalisikiliza tu kabla sijalifungua." Andika hivyo hivyo, bila kupamba. Mtaa anaoishi na watoto wake visitajwe, na namba ya simu iwe ya karakana. Ukiweka yake, siku akihama wateja wataendelea kumpigia yeye.

Kabla ya kuchapisha, mwoneshe zote nne. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na sura ya mtu pamoja na jina lake ni taarifa zake. Ridhaa yake ipatikane kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Tena yeye ndiye ataona kosa lililokupita. Huyu wetu anaziangalia, anakubali tatu, kisha anaomba neno "bingwa" liondolewe kwenye ya pili. "Nina wiki moja hapa, bosi. Friza la kwanza likinishinda, watanikumbusha hilo neno."