Kwa Nini Seva ya Ofisi Hukwama Asubuhi

Tuseme wahasibu wanane wanalalamika kwamba seva yao hukwama kila asubuhi. Fundi anakuja, ananakili faili moja ya video yenye gigabaiti 10, inakwisha kwa dakika moja na nusu, naye anasema diski ni nzima. Kesho yake wanakwama tena.

Fundi hakukosea kupima, ila alipima kisichowasumbua. Ndani ya hadi diski mna sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachosogea juu yake. Faili kubwa iliyopangwa mfululizo husomwa kichwa kikiwa karibu palepale, na diski hutoa megabaiti 150 au zaidi kwa sekunde. Mtandao wa gigabiti moja hupitisha kama 110 tu, kwa hiyo kwa video ile hata SSD isingewahi zaidi.

Wahasibu, hata hivyo, hawafungui video. Wanafungua folda yenye risiti 3,000 zilizoskaniwa. Kila risiti humlazimu msomaji kwenda sehemu mbili angalau: palipoandikwa maelezo ya faili, kisha ilipo faili yenyewe. Kila safari inagharimu milisekunde nane hivi za kusogeza kichwa, na nne za kungoja sahani izunguke hadi mahali panapotakiwa. Ni safari 80 kwa sekunde, basi. Safari 6,000 zinakula sekunde 75, na hapo ni mtu mmoja tu. Wenzake wakiingia, kichwa kinarushwa huku na huku na kila mmoja anasubiri zamu. SSD haina cha kusogeza, ina chipu tu, na safari moja huchukua kama sehemu ya kumi ya milisekunde. Zile 6,000 zinakwisha kabla ya sekunde moja, ingawa mtandao nao utaongeza kusubiri kidogo.

Dalili huonekana kwa urahisi. Kwenye seva ya Linux, andika wakati watu wamekwama:

```
iostat -x 1
```

Ukiona `%util` ya hadi diski imekaribia 100 huku ikisoma megabaiti mbili tatu tu kwa sekunde, safari zimemaliza nguvu ya diski.

Si lazima kununua SSD kwa kila kitu. Faili za kila siku na hifadhidata ya mahesabu ziende huko. Nakala za akiba zibaki kwenye hadi diski. SSD za bei nafuu huandika haraka mpaka sehemu yao ya muda ijae, kisha nyingine hushuka chini hata ya hadi diski, na nakala ya usiku ndiyo inayoijaza. Tena SSD inaweza kufa ghafla bila mlio wala onyo, basi usiiweke nakala ndani ya SSD ileile.