Mwandikie Mtayarishaji, Mpe na Jibu

Mhasibu anayetamani kualikwa redioni mara nyingi huanza kwa kutuma wasifu wa kurasa nne na vyeti vyake vyote, kisha anamalizia: "Niko tayari kuzungumzia jambo lolote la fedha." Barua hiyo haijibiwi. Mtayarishaji wa kipindi cha asubuhi anatafuta mada ya wiki hii, na asiyesema atazungumzia nini amemwachia kazi yote.

Tuchukue ushuru wa Kenya. Siku ya mwisho ya mtu binafsi kuwasilisha ripoti yake ni Juni 30. Anayeandika Juni 28 hukuta wageni wameshapangwa, kwa hiyo barua iende mwishoni mwa Mei. Na iende kwa mtayarishaji, kwani sauti tunayoizoea hewani mara nyingi siyo inayochagua wageni. Ukipiga simu mapokezi utatajiwa jina lake.

Iwe barua ya kusomwa kwenye simu mara moja tu:

"Habari za asubuhi. Jumanne msikilizaji wenu aliuliza kama kijana asiye na kazi analazimika kuwasilisha ripoti KRA. Kama ana PIN yenye wajibu wa ushuru wa mapato, analazimika hata kama hakupata chochote, na akichelewa hutozwa shilingi 2,000. Naweza kulieleza hilo kwa dakika kumi, pamoja na kwa nini mwajiriwa anayekatwa ushuru kila mwezi naye bado ana ripoti ya kuwasilisha. Mimi ni mhasibu aliyesajiliwa, na nimehudumia wenye maduka madogo kwa miaka tisa. Napatikana kila siku kabla ya saa nne asubuhi. Nimeambatisha sauti yangu ya dakika moja."

Wengi huogopa kutoa jibu mapema, wakidhani hawataitwa tena. Nadhani wanakosea. Jibu hilo ndilo linalomwonyesha mtayarishaji kwamba unaweza kueleza sheria kwa lugha ya sokoni. Sauti nayo ina uzito kuliko shahada, hasa kwenye podkasti, kwa hiyo irekodi chumbani penye mapazia na godoro, pasipo mwangwi. Mwandishi wa gazeti hahitaji sauti. Mpe sentensi mbili anazoweza kuzinukuu zilivyo, kisha upokee simu yake, maana habari huenda inafungwa jioni hiyohiyo.

Usipojibiwa, kumbusha mara moja baada ya siku nne au tano, ukiongeza swali jipya ulilolisikia kwa wateja. Baada ya hapo nyamaza. Ukiambiwa ulipie, hilo ni tangazo, na ulipime kama tangazo.

Ukialikwa, mwachie mtangazaji alitaje jina la ofisi yako. Mgeni anayelirudia kila sentensi haitwi mara ya pili. Na likija swali la ushuru wa forodha usioujua, sema huujui, kisha mpe mtayarishaji jina la mwenzako anayeujua. Mwezi ukipita na akawa na swali la ushuru, atakupigia wewe kwanza.