Kuzaliwa zama za simu si kujua kompyuta

Na Mwandishi Wetu

DHANA kwamba kijana aliyezaliwa katika zama za simu na intaneti huijua teknolojia kwa asili, ilhali mzazi wake hubaki mgeni wa kudumu, imeenea kiasi cha kuonekana haihitaji ushahidi. Hata hivyo, kila mwaka dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, wahitimu wa kidato cha sita huonekana wakipanga foleni kwenye maduka ya steshenari ili wajaziwe fomu na mtu mwingine. Hali hiyo huonekana katika miji midogo mingi nchini, na Kayanga wilayani Karagwe na Nkwenda wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, haimo nje ya orodha hiyo.

Wengi wa vijana hao wana simu mikononi, na hutuma picha na sauti siku nzima. Kwa nini basi wamlipe mwenye steshenari?

Dhana yenyewe ina mwenyewe. Mwaka 2001 mwandishi wa Marekani, Marc Prensky, aliandika makala akiwaita vijana "wenyeji" wa dijitali na watu wazima "wahamiaji", akilinganisha teknolojia na lugha ambayo mtoto huinyonya pamoja na maziwa ya mama. Mfano ulikuwa mtamu na ukapokewa haraka na walimu na wauzaji wa vifaa. Kilichokosekana ni vipimo. Mwaka 2008 watafiti watatu wa Australia, Sue Bennett, Karl Maton na Lisa Kervin, waliupitia ushahidi uliokuwapo na kubaini kuwa madai hayo yalitangulia utafiti, na kwamba tofauti kati ya kijana na kijana zilikuwa kubwa mno kuwaweka wote katika kundi moja. Prensky mwenyewe, mwaka 2009, alianza kuiacha mipaka hiyo na kuzungumzia hekima ya dijitali badala ya uzawa.

Ili kuona tofauti hizo zinakotokea, yafaa kuifuata hiyo fomu ya mkopo hatua kwa hatua.

Tuseme ni binti wa Nkwenda aliyemaliza kidato cha sita. Akitaka kutuma fedha, hubonyeza *150*00# bila hata kutazama. Orodha humjia kwa Kiswahili, kila chaguo lina namba yake, na njia ni moja: chagua, jibu, weka namba ya siri. Mashine humwongoza, naye hahitaji kujua faili ni nini wala limehifadhiwa wapi.

Maombi ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hayaendi hivyo. Kwanza cheti chake cha kuzaliwa sharti kihakikiwe na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) kwa njia ya mtandao, naye apate namba ya uhakiki. Kisha hujisajili kwenye mfumo wa bodi kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, yenye sehemu tatu: shule, mtahiniwa na mwaka. Wapo wanaoweka mwaka wa kidato cha sita, na mfumo huwakataa. Hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo na kulipia ada, ambayo kwa miaka mingi imekuwa Sh 30,000. Hapo simu humfaa tena.

Baadaye fomu huchapishwa, hutiwa saini na mwombaji, mdhamini, kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa na mwanasheria, kisha kurasa hizo huskaniwa na kurudishwa kwenye mfumo. Hapa ndipo wengi hukwama. Picha iliyopigwa kwa simu yaweza kuwa nzito kupita kiwango, au kuwa ya aina ya faili isiyokubaliwa, au ukurasa wa saini ukapandishwa mahali pa cheti. Si jambo la kubahatisha kwamba bodi imekuwa ikilazimika kutangaza muda wa marekebisho kwa waombaji ambao fomu zao zina kasoro, zikiwamo za saini na viambatisho.

Kosa lililo baya zaidi halionekani siku hiyo. Mwenye steshenari, kwa haraka ya kazi, huweza kumfungulia mwombaji akaunti kwa barua pepe yake mwenyewe au kwa nywila anayoijua yeye tu. Miezi miwili baadaye binti anatakiwa kurekebisha saini, na hana njia ya kuingia. Dalili ni rahisi kuitambua: mwombaji asiyeweza kutaja anwani ya barua pepe iliyotumika hana akaunti, hata kama ana risiti.

Tofauti hii ya kutumia na kumudu ndiyo watafiti waliyoipima. Mwaka 2007 Eszter Hargittai aliwahoji wanafunzi 1,060 wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago, karibu wote wa rika moja na wote wakitumia intaneti. Aliwataka wapime uelewa wao wa maneno kama PDF, na utapeli wa mtandaoni wa kunasa nywila. Umri ulikuwa mmoja, lakini majibu yalitawanyika. Waliokuwa na wazazi wenye elimu ya juu walijua zaidi, na uhuru wa kutumia kompyuta mahali pengi ulihusiana na ujuzi.

Mtu aweza kudai kuwa kujipima mwenyewe si mtihani. Utafiti wa kimataifa wa ICILS wa mwaka 2018 uliwapa wanafunzi wa takriban miaka 14 kazi halisi za kufanya kwenye kompyuta, katika nchi kama Denmark, Ujerumani na Korea Kusini. Wastani wa asilimia 2 tu walifika daraja la juu, huku asilimia 18 wakishindwa kufikia hata daraja la kwanza. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyoshiriki, lakini kama uzawa wenyewe ungetosha, vijana wa Denmark wangekuwa wa kwanza kuuthibitisha.

Karibu na nyumbani, Cheryl Brown na Laura Czerniewicz wa Chuo Kikuu cha Cape Town walionyesha mwaka 2010 kuwa wanafunzi wa Afrika Kusini waliokua na kompyuta walikuwa tabaka dogo la wenye nafasi, ilhali simu ya mkononi ilikuwa imewafikia karibu wote. Wapo waliokutana na kompyuta kwa mara ya kwanza chuoni.

Picha hiyo inafanana na ya Karagwe na Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kwa miaka mingi umeme wa mkoa wa Kagera ulitoka Uganda, na vijiji vingi havikuwa nao kabisa. Somo la kompyuta katika shule za sekondari lilikuwa la hiari, likitegemea kama shule ina mashine na mwalimu. Wanafunzi hukatazwa simu shuleni. Nyumbani simu mara nyingi ni ya baba au kaka, na nchini kote wanawake wanaomiliki simu ni wachache kuliko wanaume. Mtoto wa mwalimu wa Kayanga mwenye kompyuta mezani na mtoto wa mkulima wa kahawa mpakani Murongo wamezaliwa mwaka mmoja, lakini mmoja ameshahifadhi faili mara mia, na mwingine atalihifadhi la kwanza siku ya kuomba mkopo.

Naye mwenye steshenari, ambaye pengine ana miaka 45, huijaza fomu hiyo bila kusita, kwa kuwa ameshajaza za waombaji wengi kabla yake.